Kinga Ambazo Hazimo Kabisa: Kulinganisha Vifungu vya Mkataba na Orodha Inayotakiwa

Kifungu kibaya utakiona ukikisoma. Kifungu kisichokuwepo hakina mstari wa kukushtua, na ndiyo maana mtu anaweza kusoma mkataba mara tatu kwa makini na bado asijue kuwa hauna neno lolote kuhusu nakala rudufu za taarifa zake. Mwongozo huu unahusu kazi hiyo peke yake: tayari una vifungu vilivyonyofolewa kutoka kwenye mkataba na kuwekwa kwenye jedwali, una orodha ya kinga zinazotakiwa, na sasa unahitaji kusema kwa uhakika ni zipi hazimo kabisa.

Nitatumia aina moja ya mkataba ambayo orodha yake imeandikwa na sheria yenyewe, kwa hiyo hatuhitaji kubishana kuhusu kinachotakiwa. Kanuni ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, GDPR, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inasema katika ibara ya 28(3) kwamba mdhibiti (anayeamua taarifa binafsi zitumike kwa nini na vipi) lazima awe na mkataba na mchakataji (anayezifanyia kazi kwa niaba yake). Kisha inataja mambo manane, herufi (a) hadi (h), ambayo mkataba huo lazima uyaseme. Mfano wetu ni kampuni, yaani mteja na mdhibiti, inayokabidhi taarifa za mishahara ya wafanyakazi wake kwa mtoa huduma wa mfumo wa malipo, ambaye ndiye mchakataji. Nimeutunga mkataba wenyewe, ila makosa yaliyomo ni ya kila siku.

Hatua ya 1: Vunja orodha iwe maswali ya jambo moja moja

Kosa kubwa hutokea kabla mkataba haujafunguliwa. Mtu huchukua mambo manane ya ibara ya 28(3), anaweka mistari minane kwenye jedwali, kisha anajaza "ipo" au "haipo". Tatizo ni kwamba herufi moja hubeba kinga kadhaa. Herufi (g) inataka mchakataji, huduma ikiisha, afute au arudishe taarifa zote, uamuzi wa kufuta au kurudisha ukiwa wa mdhibiti, na nakala zilizobaki zifutwe pia, isipokuwa sheria ya Umoja au ya nchi mwanachama ilazimishe kuzihifadhi. Hizo ni kinga tatu. Mkataba ukisema tu "taarifa zitafutwa", mstari mmoja utajaa "ipo" na kinga mbili zitapotea bila mtu kujua.

Kwa hiyo zivunje. Kwa herufi (g) niliandika G1: je, mteja ndiye anayechagua kati ya kufuta na kurudisha? G2: je, mtoa huduma anawajibika kufuta au kurudisha huduma ikiisha? G3: je, nakala zilizobaki zinafutwa? Nilipomaliza kuvunja mambo yote manane, pamoja na sharti la mwisho la ibara ya 28(3) kwamba mchakataji amjulishe mdhibiti mara moja akiona agizo linavunja sheria, nilipata maswali 19. Sharti hilo la mwisho nimelipa namba H3.

Kila swali liwe na mtendaji, mtendewa na tendo: nani anawajibika, kwa nani, kufanya nini. Pembeni andika pia kiwango cha chini cha kukubali, yaani maneno ya aina gani yatakufanya useme kinga ipo. Kwa H2, ambayo ni haki ya ukaguzi, niliandika: "Mtoa huduma anaruhusu mteja, au mkaguzi aliyeteuliwa na mteja, kumkagua, na anashirikiana naye." Ukiandika kiwango hicho mapema, mkataba wenyewe hautakushawishi kukishusha baadaye.

Hatua ya 2: Hakikisha vifungu vyote vimenyofolewa

Huwezi kusema kitu hakimo kwenye mkataba kama hujui una mkataba mzima. Chukua jedwali la vifungu na uangalie vitu vitatu.

Kwanza, mfuatano wa namba. Kwenye mfano wetu safu ya namba ilitoka 11 ikaruka hadi 13. Nilipofungua mkataba wenyewe, kifungu cha 12 kilianzia chini kabisa ya ukurasa mmoja na kuendelea juu ya ukurasa uliofuata, na unyofoaji ukakikosa. Kilikuwa kifungu cha wakandarasi wadogo. Kama nisingeangalia, ningeandika kwamba kinga zote nne za herufi (d) hazimo, na mtoa huduma angenijibu kwa kunitumia picha ya ukurasa. Baada ya hapo orodha yangu yote isingeaminika tena.

Pili, tafsiri za maneno. Unyofoaji mwingi huchukua vifungu vyenye namba na kuacha sehemu ya mwanzo inayoeleza maana ya maneno, kwa dhana kwamba maana si wajibu. Wanaoandika mikataba huficha wajibu humo, wakati mwingine bila kukusudia. Ingiza kila tafsiri kama mstari unaojitegemea.

Tatu, viambatisho. Tafuta neno "Kiambatisho" kwenye maandishi yote, orodhesha vyote vilivyotajwa, kisha linganisha na vile ulivyopewa. Mkataba wetu ulitaja A, B na C, lakini kwenye faili kulikuwa na A na B tu. C haikuwepo. Usiijaze kwa kukisia, na wala usiseme kinga zilizoelekezwa huko hazimo. Zina hali yake, nitaieleza kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 3: Anzia kwenye orodha, uelekee kwenye vifungu

Kawaida mtu husoma kifungu cha 1 na kujiuliza kinahusu kinga gani, akaenda cha 2, hivyo hivyo hadi mwisho. Njia hiyo hukuonyesha kilichomo. Wewe unatafuta kisichomo, kwa hiyo geuza mwelekeo: chukua swali A1, pita vifungu vyote, andika jibu, ndipo uende A2. Ni kazi ndefu zaidi, na sijaona njia ya mkato ninayoweza kuiamini.

Kwenye jedwali weka kurasa mbili. Ukurasa wa "Kinga" una maswali yako 19, moja kwa kila mstari, namba zake zikiwa safu A kuanzia mstari wa 2. Ukurasa wa "Uoanishaji" una mstari kwa kila jozi ya swali na kifungu uliyoifikiria: safu A namba ya swali, B namba ya kifungu, C maneno yenyewe ya kifungu, na D jibu la kama maneno hayo yanafikia kiwango cha chini, "ndiyo", "pungufu" au "hapana". Kisha kwenye ukurasa wa "Kinga", mbele ya kila swali, weka:

```
=COUNTIFS(Uoanishaji!A:A, A2, Uoanishaji!D:D, "ndiyo")
```

Mistari inayoonyesha sifuri ndiyo watuhumiwa wako. Angalia vizuri kwamba bado ni watuhumiwa tu. Kwenye mfano wetu zilitoka sifuri 12, na nne kati yake hazikuwa ukosefu kamili.

Safu ya C, yenye maneno yenyewe, usiiache. Ukijilazimisha kunakili sentensi inayodaiwa kutoa kinga, utagundua mara nyingi kwamba sentensi hiyo haipo, kuna kichwa cha habari tu.

Hatua ya 4: Soma maneno, achana na vichwa vya vifungu

Kifungu cha 14 cha mkataba wetu kiliitwa "Ukaguzi". Mtu mwenye haraka angekioanisha na H2 na kuendelea. Maneno yake yalikuwa haya: "Mtoa Huduma anaweza, kwa notisi ya siku 10, kukagua matumizi ya Mteja ili kuthibitisha idadi ya watumiaji." Ni ukaguzi kweli, lakini anayekaguliwa ni mteja. Mtendaji na mtendewa wamegeuzwa. H2 haimo kabisa, na kichwa kile kinaficha pengo vizuri kuliko ukimya ungeficha.

Kifungu cha 9, "Usiri", kilikuwa na tatizo jingine. Kilisema kila upande utatunza siri za mwenzake. Ni kifungu kizuri, lakini herufi (b) haiulizi hivyo. Inataka watu walioruhusiwa kuzishika taarifa, yaani wafanyakazi wa mtoa huduma, wawe wamefungwa na wajibu wa usiri, kwa ahadi au kwa sheria. Kampuni kuahidi ni jambo moja. Fundi anayefungua faili la mishahara kuwa ameahidi ni jambo jingine. Nilitafuta "wafanyakazi" na "watumishi" kwenye mkataba wote nikapata kifungu cha 7.2 tu, kinachosema wana ujuzi wa kutosha. B1 haimo.

Halafu kuna sentensi ambayo huwapoteza hata wazoefu. Kifungu cha 18.4: "Mtoa Huduma atazingatia sheria zote za ulinzi wa taarifa zinazomhusu." Sentensi hii inaonekana kama inaziba kila pengo. Ukiikubali kwa swali moja, huna sababu ya kuikataa kwa mengine 18, na orodha yako itatoka safi kwa mkataba ambao haujasema chochote. Ibara ya 28(3) inataka mkataba wenyewe uyaweke masharti yale. Bodi ya Ulaya ya Ulinzi wa Data, katika mwongozo wake namba 07/2020, imekwenda mbali zaidi na kusema mkataba usiishie hata kurudia maneno ya kanuni, bali ueleze mahususi jinsi masharti yatakavyotimizwa. Kwa hiyo nimejiwekea sheria: sentensi ya jumla ya kutii sheria haioanishwi na swali lolote. Kwa sheria hiyo E1, msaada wa kujibu maombi ya watu ambao taarifa ni zao, ilibaki sifuri. F3, msaada kwenye tathmini ya athari za uchakataji kwa ulinzi wa taarifa, nayo hivyo hivyo.

Utasikia hoja kwamba kinga fulani haina haja ya kuandikwa kwa kuwa sheria inamfunga mchakataji moja kwa moja. Ni kweli kwa baadhi ya mambo. Ibara ya 33(2), kwa mfano, inamtaka mchakataji amjulishe mdhibiti bila kuchelewa pale taarifa zinapovuja. Lakini swali lako ni kama mkataba umesema. Andika kuwa haumo, na kama sheria inasaidia, litaje hilo kwenye safu ya maelezo.

Hatua ya 5: Tafuta upya kila sifuri

Sasa rudi kwa kila sifuri ukiwa na maneno tofauti ya kutafutia. Kwa mkataba wa Kiswahili, usitafute neno zima, tafuta mzizi. Ukiandika "futa" kwenye Ctrl+F utapata "kufuta" na "atafuta", lakini "zifutwe" na "kufutwa" zitakupita. Andika "fut". Utaletewa pia "tafuta" na "mafuta", lakini kuruka hizo ni kazi ndogo kuliko kukosa kifungu. Kwa kurudisha tumia "rudish" na "rejesh". Kwa kuharibu, "harib" na "teketez". Mkataba ukiwa wa lugha nyingine, fanya hivyo hivyo kwa mizizi ya lugha hiyo.

Hebu tuone G3 kwa karibu. Kifungu cha 16.3 kilisema: "Baada ya mkataba kwisha, Mtoa Huduma atafunga akaunti ya Mteja na kuondoa taarifa zake kwenye mfumo ndani ya siku 90." Ona kwamba hakuna neno "kufuta", ni "kuondoa", na ndiyo maana "ondo" inapaswa kuwemo kwenye mizizi yako. Hiyo inatosha kwa G2. Kwa G1, hakuna mahali mteja anapewa kuchagua, haimo. Kwa G3 nilitafuta "nakala" nikapata aya ya 6 ya Kiambatisho B: "Nakala rudufu huchukuliwa kila siku na kuhifadhiwa katika kituo tofauti." Hapo moyo hutulia, kwa kuwa neno limepatikana. Lakini soma tena. Inasema nakala zinatengenezwa. Haisemi zitafutwa lini, wala kama zitafutwa. Ukiiweka pamoja na 16.3, taarifa za mishahara zitaondolewa kwenye mfumo siku ya 90 na zitaendelea kukaa kwenye kituo kile kingine bila kikomo. G3 haimo kabisa, na katika mkataba huu ndiyo pengo ninaloliona zito kuliko yote.

F2, taarifa ya uvujaji, ilienda kinyume. Hakuna kifungu kilichokuwa na kichwa hicho, na mzizi "vuj" haukuleta kitu kwenye vifungu vyenye namba. Ulileta kitu kwenye tafsiri za maneno: "'Tukio' maana yake ni hitilafu yoyote ya usalama, ikiwemo kuvuja kwa Taarifa za Mteja, ambayo Mtoa Huduma atamjulisha Mteja ndani ya saa 48 baada ya kuigundua." Ni mahali pa ajabu pa kuweka wajibu, lakini wajibu upo na unasomeka. F2 ikatoka kwenye watuhumiwa.

Kwa kila sifuri inayobaki, andika mizizi uliyotumia na sehemu ulizopitia. Bila kumbukumbu hiyo, "haimo" ni maoni yako tu, na mtu wa upande wa pili hawezi kuithibitisha wala kuipinga.

Hatua ya 6: Tenga hali nne

Baada ya utafutaji wa pili, kila swali liwe na hali moja kati ya nne. "Ipo" maana yake kuna sentensi inayofikia kiwango. "Pungufu" maana yake kuna sentensi inayogusa jambo lenyewe lakini haifiki. H1 yetu, ya kutoa taarifa za kuthibitisha utii, ilikuwa hivyo, kwani Kiambatisho B kinaahidi cheti cha usalama cha mwaka na si zaidi. "Haimo" maana yake umetafuta kote na hakuna. "Haijaonekana" maana yake mkataba unakuelekeza kwenye hati ambayo hujapewa.

Hiyo ya nne ndiyo iliyotufaa kwa wakandarasi wadogo. Kifungu cha 12 kilichorudishwa kilisema mtoa huduma anaweza kutumia wakandarasi waliotajwa kwenye Kiambatisho C "kwa masharti yaliyoelezwa humo", na kwamba atabaki kuwajibika kikamilifu kwa kazi yao. Idhini ipo, dhima ipo. Lakini taarifa ya mabadiliko ya wakandarasi, pamoja na nafasi ya kupinga, na wakandarasi kufungwa na masharti yale yale, huenda yamo C na huenda hayamo. Ukiyaita "haimo" unaweza kuumbuka. Ukiyaita "ipo" umetoa kinga usiyoiona. Omba hati.

Kabla ya kufunga hatua hii angalia vifungu viwili vya mwisho mwisho wa mikataba mingi. Kimoja husema mkataba huu ndio makubaliano yote. Kikiwepo, kinga uliyoipata kwenye barua pepe au kwenye tovuti ya mtoa huduma usiihesabu. Kingine husema hati ipi inashinda zikigongana. Kama mkataba mkuu unashinda viambatisho, pitia tena kila "ipo" iliyotoka kwenye kiambatisho uone kama mkataba mkuu hauipingi.

Matokeo yetu: nane zipo, moja pungufu, mbili hazijaonekana, na nane hazimo kabisa. Hizo nane ni A3 (kujulishwa pale sheria inapomlazimisha mtoa huduma kuchakata nje ya maagizo), B1, E1, F3, G1, G3, H2 na H3.

Hatua ya 7: Andika orodha ambayo mtu anaweza kuifanyia kazi

Orodha ya mwisho iwe na hizo "haimo" tu. Pungufu na zisizoonekana ziende kwenye kurasa zao, kwa sababu zinadai mazungumzo tofauti: kwa pungufu unajadili maneno, kwa zisizoonekana unaomba hati, na kwa zisizokuwemo unadai kifungu kipya. Ukizichanganya, upande wa pili utajibu zile nyepesi na kukaa kimya kwa nzito.

Kila mstari uwe na kinachotakiwa na kinatoka wapi, mahali palipotafutwa, kifungu kilicho karibu zaidi na kwa nini hakitoshi, na maneno unayopendekeza. G3 ilitoka hivi: "Inatakiwa na ibara ya 28(3)(g): nakala zilizobaki zifutwe. Imetafutwa: mkataba mkuu, tafsiri, Viambatisho A na B, mizizi fut, ondo, harib, teketez, nakala. Karibu zaidi: Kiambatisho B aya ya 6, kinaeleza kutengeneza nakala, si kuzifuta. Pendekezo: ongeza 16.4, 'Mtoa Huduma atafuta nakala rudufu zote zenye Taarifa za Mteja ndani ya siku 30 baada ya muda uliotajwa kifungu cha 16.3, isipokuwa pale ambapo sheria inamtaka azihifadhi.'" Siku 30 ni pendekezo langu, kanuni haitaji idadi.

Mtu wa pili akague sifuri peke yake, asisome mkataba mzima. Mpe maswali manane na mkataba, usimpe majibu yako. Akipata hata sentensi moja uliyoikosa, rudia hatua ya 5 kwa maswali yote.

Rasimu mpya ikirudi, usitafute vile vifungu vinane tu. Endesha maswali yote 19 upya juu ya vifungu vilivyonyofolewa upya. Mara nyingi anayeongeza 16.4 hupanga upya sehemu nzima ya mwisho wa mkataba, na tafsiri ya "Tukio" ikifupishwa katika usafi huo, saa 48 za F2 zitakuwa zimeondoka nayo.